Orodhesha Kwanza, Ndipo Ubadilishe

Aprili 2018, Mfalme Mswati wa Tatu alitangaza kwamba nchi yake haitaitwa tena Swaziland bali Eswatini. Tuchukue mfano wa mhariri mwenye folda iitwayo `makala`, yenye mamia ya maandishi ya miaka mingi, anayetaka jina jipya lisomeke humo. Kufungua faili moja moja kutamchukua wiki nzima. Kuiamuru kompyuta ibadilishe kila mahali kwa mkupuo ni kazi ya sekunde, ila amri ya namna hiyo huandika upya hata mafaili yasiyo na neno hilo, na tarehe zake za marekebisho zikabadilika bila sababu. Ikiingia kwenye folda ya `.git`, panapotunzwa historia ya kazi yote, inaweza kuiharibu kabisa.

Njia ninayoiamini ni kutenganisha kutafuta na kubadilisha. Kutafuta nampa ripgrep, programu ya bure ambayo Andrew Gallant aliitoa mwaka 2016 na ambayo huitwa kwa herufi mbili tu, `rg`. Kazi yake ni kusoma. Haigusi faili lolote. Hata chaguo lake la `--replace` hubadilisha kinachoonekana kwenye skrini tu, faili likabaki lilivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kutafuta na kurudia kutafuta bila hofu:

```
rg -n -w 'Swaziland' makala
```

Hapo `-n` huonyesha namba ya mstari, na `-w` hudai neno zima. Usiiache hiyo `-w`. Waandishi wetu wengine huandika "Swazilandi", na bila sharti la neno zima kompyuta itaona "Swaziland" ndani yake, ibadilishe, kisha ile *i* ya mwisho ibaki ikining'inia: "Eswatinii".

Mistari ikitokea, isome. Makala ya bei ya sukari inahitaji jina jipya. Makala ya uhuru wa mwaka 1968 haihitaji, kwa kuwa siku ile nchi iliitwa Swaziland, na anayenukuu tangazo la wakati huo hana ruhusa ya kulisahihisha. Uamuzi huu ni wa mtu, na ndio unaoifanya orodha iwe na maana. Sasa andika majina ya mafaili peke yake:

```
rg -l -w 'Swaziland' makala > orodha.txt
```

Fungua `orodha.txt` kwa kihariri chochote, ufute mistari ya mafaili yanayopaswa kubaki yalivyo. Tuseme yalitoka 37, ukaondoa 4. Yamebaki 33, na hayo ndiyo yatakayoguswa:

```
tr '\n' '\0' < orodha.txt |
  xargs -0 perl -pi -e 's/\bSwaziland\b/Eswatini/g'
```

Sehemu ya `tr` na `-0` ipo kwa sababu ya majina ya mafaili yenye nafasi. Bila hiyo, `xargs` italisoma `ligi ya kusini.txt` kama mafaili matatu, na Perl italalamika kwamba halipo hata moja. Nimechagua Perl badala ya `sed` kwa kuwa `sed -i` ya Mac na ya Linux hazikubaliani namna ya kuandikwa, na amri iliyofanya kazi kwa mwenzako inaweza kukukatalia.

Kosa ninaloliona sana liko kwenye zile `\b` mbili. Wengi hudhani orodha ikishakuwa safi, hatari imekwisha. Lakini orodha inaweka mpaka wa mafaili, haiweki mpaka wa mistari. Faili moja likiwa na "Swaziland" juu na "Swazilandi" chini, litaingia kwenye orodha kihalali. Perl isipopewa sharti lile lile la neno zima, itaharibu mstari wa chini. Na kama makala moja ina habari za leo pamoja na nukuu ya 1968, iondoe kwenye orodha uirekebishe kwa mkono.

Kisha hakiki. Ikiwa folda inatunzwa na Git na ilikuwa safi kabla ya kuanza, `git diff --stat` itataja mafaili 33, na `rg -l -w 'Swaziland' makala` itarudisha yale 4 uliyoyaacha. Likitokea la 34 kwenye hesabu ya kwanza, kuna jingine lililoguswa. Likitokea la 5 kwenye ya pili, Perl haikulifikia.

Linabaki jambo moja ambalo hesabu hizo hazilioni. Kwa kawaida ripgrep huruka mafaili yaliyofichwa, yaliyotajwa kwenye `.gitignore`, na yasiyo maandishi ya kawaida. Kama una makala kwenye folda iliyofichwa, ongeza `--hidden` pamoja na `-g '!.git'`, maana bila hiyo ya pili utafutaji utaingia hadi ndani ya historia ya Git. Makala zilizohifadhiwa kama nyaraka za Word zisizo na budi kubadilishwa, zifungue kwa Word yenyewe: ndani zimebanwa kama zipu, na `rg` haitaliona neno hata likiwa limejaa kila ukurasa.