Wimbo kwa wewe wa zamani

Mwaka 2007 mwimbaji wa kantri wa Marekani, Brad Paisley, alitoa wimbo uitwao "Letter to Me". Ni barua anayomwandikia yeye mwenyewe wa miaka kumi na saba. Kabla ya kumpa yule kijana ushauri wowote, anamtajia vitu alivyovificha chini ya kitanda chake, vitu ambavyo mtu mwingine asingevijua. Hapo kijana anaamini kwamba barua imetoka kwake mwenyewe, na msikilizaji naye anaelewa "wewe" anayeimbiwa ni nani.

Watunzi wengi chipukizi hukosea hapo mwanzoni kabisa. Wanaanza na "wewe kijana", na ubeti wa kwanza unaisha bila sisi kujua kama anaimbiwa mpenzi, mtoto au vijana wote wa taifa. Fasihi yetu inajua kumsemesha mtu kwa nafsi ya pili. Mwana Kupona alimwusia binti yake katika utenzi wa 1858, na mtunzi wa Al-Inkishafi aliukemea moyo wake mwenyewe. Lakini Mwana Kupona alisema kwa mamlaka ya mama, na moyo ule ulikuwa ukiishi siku zile zile na mwenye nao. Anayemwimbia yeye mwenyewe wa zamani hana mamlaka hayo. Alichonacho ni kwamba yaliyo mbele ya kijana, yeye ameshayaona.

Kwa Kiswahili, kazi kubwa ya wimbo wa namna hii hufanywa na kitenzi. Tuchukue mfano niliouandaa kwa ajili ya makala hii: kijana wa Tanga ambaye hakwenda kumwona bibi yake Pangani, na bibi akafariki. Mtunzi mwenye majuto huandika hivi:

*Ungalikwenda Pangani, bibi ungalimuona.*

Mizani imetimia, nane kwa nane, lakini mstari ni lawama tupu. Kijana ameshahukumiwa na hana la kufanya. Sasa tuondoe -ngali- tumpe amri ya upole:

*Jumamosi panda basi, nenda kwa bibi Pangani,*
*kaa naye barazani, usiulize kwa nini.*

Neno la majuto halipo, wala kifo hakikutajwa. Ila lile "usiulize kwa nini" linatosha kumjulisha msikilizaji kwamba basi la Jumamosi ile lilishaondoka zamani. Majuto yaliyovikwa nguo ya ushauri huuma zaidi, na hayamdhalilishi kijana. Paisley naye anafanya hivyo: mwishoni mwa barua anamkumbusha kijana amkumbatie shangazi yake kila apatapo nafasi, bila kueleza sababu. Ningeiacha -ngali- itokee mara moja tu katika wimbo mzima, tena ubeti wa mwishoni, msikilizaji akishampenda yule kijana.

Kutia moyo ni kazi ya -ta-. "Usikate tamaa, mambo yatakuwa mazuri" ni maneno ambayo jirani yeyote angeyasema. Anayejiimbia ana haki ya kusema zaidi, kwa kuwa anasimulia yaliyokwisha kutokea:

*Utafeli hisabati, na kazi utaipata.*

Nusu ya kwanza inauma, na ndiyo inayoifanya nusu ya pili iaminike. Mstari wa namna hii ndio ninaouweka kwenye kiitikio, kwa sababu kiitikio hurudi mara tatu au nne. Faraja ikirudiwa huzidi kukolea, lakini ushauri ukirudiwa huwa masimango.

Ushauri wenyewe una mpaka wake. Ukimwambia kijana asihamie mjini, asimpende fulani, asiache shule, basi akikutii hatakuwa wewe, na wimbo huu hautakuwa na mtu wa kuuimba. Hayo makubwa yaache yampate, umwambie tu kwamba utamkuta ng'ambo ya pili. Mshauri yaliyo madogo, yale ambayo angeweza kuyafanya wiki hii na maisha yake yakabaki yale yale: kumtembelea bibi, kumwomba radhi rafiki, kulala mapema usiku wa kuamkia mtihani.

Ukimaliza kuandika, soma mstari mmoja mmoja ukijiuliza kama ungeweza kuambiwa kijana yeyote wa mtaani kwako. Kila mstari unaoweza, ufute, na mahali pake utaje mtu, siku au kitu ambacho wewe wa zamani angekishtukia.