Njia Sita, Mkao Mmoja

Panga kete chache kwenye ubao wa chesi. Mfalme mweupe akae a1, na vitunda vyake vinne, wale askari wadogo wa mbele, wakae a4, d4, d5 na f4. Mfalme mweusi akae a7, na vitunda vyake vitatu viwe a5, d6 na f5. Zamu ni ya Mweupe. Hakuna kitunda kinachoweza kusogea: cha a4 kimegotana na cha a5, cha d4 kimezibwa na mwenzake wa d5, ambaye naye amezibwa na cha d6, na cha f4 kimekutana uso kwa uso na cha f5. Wanaotembea ni wafalme wawili tu.

Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Gustavus Reichhelm waliuchambua mkao huu mwaka 1901. Baadaye Reuben Fine akauchapisha kwa namba 70 katika kitabu chake kikubwa cha miisho ya chesi cha mwaka 1941. Mweupe anashinda, lakini ana hatua moja tu ya kumfikisha huko: mfalme aende b1. Akienda a2 au b2, Mweusi akijilinda sawasawa, mchezo unaisha sare. Sababu yenyewe iko mbali. Mfalme mweupe anataka kupenya ama upande wa kushoto kupitia b5, akale kitunda cha a5, ama upande wa kulia kupitia g5, akale cha f5. Mweusi analazimika kulinda pande zote mbili kwa mfalme mmoja, na kuchelewa kwake hatua moja kunatokana na pale Mweupe alipoanzia. Kitunda chenyewe huliwa baada ya hatua nyingi mno, ukihesabu za Mweupe na za Mweusi pamoja.

Ndiyo maana watunzi wa programu za chesi wameufanya mkao huu kuwa mtihani. Programu ya chesi huchagua hatua kwa kujaribu: nikienda hapa, yeye ataenda wapi, nami nitajibu nini, mpaka kina ilichopangiwa kiishe. Chukulia kwamba kila mfalme ana nafasi 5 za kwenda kwa wastani. Baada ya hatua 20, idadi ya mifuatano ni 5 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani zaidi ya trilioni 95. Hakuna kompyuta ya mezani itakayoipitia yote huku unasubiri chai.

Sasa hesabu kitu kingine. Mfalme mweupe hawezi kuwa kwenye miraba zaidi ya 64, na mweusi vilevile. Zidisha 64 kwa 64, kisha mara 2 kwa kuwa zamu inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Unapata 8,192. Maadamu hakuna kitunda kilicholiwa, mikao yote inayoweza kutokea kwenye ubao huu haizidi hiyo. Mifuatano ni trilioni nyingi, lakini yote inazunguka ndani ya mikao elfu nane na ushei.

Tazama jinsi inavyotokea. Mweupe anataka kufika c2 kwa hatua mbili: anaweza kupita b1 au b2. Mweusi anataka kufika c7: anaweza kupita b6, b7 au b8. Njia 2 za huyu na 3 za yule zinatoa mifuatano 6 tofauti, na yote inaishia kwenye mkao uleule, mweupe c2, mweusi c7, zamu ya Mweupe. Programu isiyokumbuka itauchambua mkao huo mara sita, kila mara kuanzia mwanzo, kana kwamba haijawahi kuuona. Na chini ya kila mmoja marudio yanazaliana tena.

Dawa ni jedwali la mikao. Kila mkao ukimaliza kuchambuliwa, programu inaandika jibu lake. Kabla ya kuchambua mkao wowote inaangalia kwanza jedwalini. Hapa hata kama kila mkao utahitaji kupimwa upya kwa kila kina kuanzia 1 hadi 20, kazi nzima haifiki mikao laki mbili. Si wazo jipya: Mac Hack, programu ya Richard Greenblatt wa MIT iliyocheza mashindanoni na binadamu mwaka 1967, ilikuwa nalo.

Swali gumu ni namna ya kutafuta. Kulinganisha ubao mzima na mamilioni ya mbao zilizohifadhiwa kungekula muda wote uliookolewa. Mwaka 1970, Albert Zobrist wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye alikuwa akishughulika na programu za mchezo wa go, alieleza njia inayotumika mpaka leo. Kila kete kwenye kila mraba hupewa namba yake ya kubahatisha yenye biti 64. Kete za chesi ziko aina 12 na miraba ni 64, kwa hiyo zinahitajika namba 768. Unaongeza moja ya zamu, nne za haki za mfalme kujificha kwa kubadilishana na ngome, na nane za safu ambako kitunda kinaweza kuliwa kinapopita. Jumla 781. Namba za kete zilizopo ubaoni zinaunganishwa kwa tendo la XOR, na matokeo ndiyo ufunguo wa mkao.

Uzuri wa XOR ni kwamba ukiunganisha namba ileile mara mbili inajifuta. Basi kumhamisha mfalme hakuhitaji kuhesabu ubao wote upya. Unamtoa alikokuwa, unamweka anakokwenda, unageuza zamu:

```
ufunguo ^= Z[mfalme][a1];
ufunguo ^= Z[mfalme][b1];
ufunguo ^= Z[zamu];
```

Mfuate mfalme wetu mpaka c2. Akipita b1, namba ya a1 inatoka, ya b1 inaingia, kisha ya b1 inatoka na ya c2 inaingia. Ya b1 imetokea mara mbili, imejifuta. Akipita b2, hiyo ya b2 nayo inajifuta vivyo hivyo. Kwa njia yoyote kinachobaki ni a1 kutoka na c2 kuingia. Ufunguo hauna habari ya njia, unajua mkao tu, na hilo ndilo tulilotaka.

Biti za mwisho za ufunguo huo zinaonyesha mahali pa kuangalia jedwalini. Zikitumika 20, jedwali lina nafasi 1,048,576, na kila nafasi ikichukua baiti 16, jumla ni megabaiti 16. Nafasi moja itagombewa na mikao mingi, hivyo huhifadhiwa pia biti nyingine za ufunguo ili programu ihakikishe kwamba kilichomo ni mkao inaoutafuta na si jirani yake. Jedwali likijaa, lazima kitu kifutwe. Watunzi wengi huupa uzito uchambuzi uliokwenda mbali, lakini huuacha ufutwe ukishakuwa wa zamani.

Jibu lililoandikwa lina masharti yake. La kwanza ni kina. Mkao uliopimwa hatua 4 mbele hauwezi kujibu swali linalodai hatua 9. La pili linatokana na mbinu ya alfa-beta, inayoziacha hatua mbovu njiani. Programu ikishaona kwamba hatua fulani inampa mpinzani jibu litakalotuacha pabaya kuliko tulivyojihakikishia kwingine, inaiacha bila kujua ubaya wake wote. Thamani inayoandikwa hapo si kamili, ni mpaka tu: "haipungui hii" au "haizidi hii". Programu inayosahau kuandika ni aina gani, ikachukua mpaka kuwa thamani kamili, itacheza ovyo katika mikao michache na vizuri katika mingine, na kosa la namna hiyo linatesa kulitafuta. Hata jibu lisipokidhi kina, hata hivyo, kuna kitu kinachofaa ndani yake: hatua iliyoonekana bora safari ile. Ikijaribiwa ya kwanza safari hii, alfa-beta hukata matawi mengi zaidi. Kwa maoni yangu faida hii inasahaulika mno, ilhali katikati ya mchezo, kete zikiwa nyingi, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi.

Upo pia udhaifu ambao haujapata tiba kamili. Jedwali zima limesimama juu ya dhana kwamba thamani ni ya mkao, wala haitegemei njia. Sheria za chesi hazikubaliani nayo kila mahali: mkao ukirudiwa mara tatu, mchezaji anaweza kudai sare. Tuseme wafalme wetu wametoka c2 na c7 wakaenda d2 na d7, zamu ni ya Mweupe. Katika njia hii kurudi c2, huku Mweusi akirudi c7, ni kurudia mkao, kwa hiyo programu inaupa tawi hilo sifuri, yaani sare. Ikiandika sifuri hiyo jedwalini kwa ajili ya d2 na d7, itakuja kuisoma ikiwa imefika hapo kwa njia nyingine ambayo haikugusa c2 kabisa. Marudio hayapo, lakini hukumu ya sare imebaki. Kinyume chake pia hutokea: jedwali linasema "unashinda", na hatua linayopendekeza inarudia mkao kwa mara ya tatu. Ukiona programu inatangaza ushindi kisha inazungukazunguka mpaka sare, anza kushuku hapo. Watunzi hupima marudio kwanza, kabla ya kuuliza jedwali, na hilo linapunguza madhara bila kuyamaliza.

Kosa la kawaida zaidi ni la ufunguo wenyewe, kama vile kusahau kugeuza namba ya zamu. Ukiandika programu yako, ipangie wakati wa majaribio ihesabu ufunguo wote upya kila baada ya hatua na kuulinganisha na ule unaobebwa kwa XOR. Vikitofautiana, isimame palepale.

Asiyeandika programu anaweza kuliona jedwali likifanya kazi kwa Stockfish, ambayo ni ya bure. Ifungue, uandike:

```
setoption name Hash value 64
position fen 8/k7/3p4/p2P1p2/P2P1P2/8/8/K7 w - - 0 1
go depth 30
```

`Hash` ni ukubwa wa jedwali kwa megabaiti. Usipoigusa ni 16. Mwishoni tafuta `bestmove a1b1`, na ikitoa hatua nyingine, ongeza kina. Kwenye mistari inayopita utaona pia `hashfull`, kiasi cha jedwali kilichojaa katika kila sehemu 1,000. Katika mkao huu kumbukumbu ndogo inatosha. Ukichambua mchezo wako wenye kete zote na `hashfull` ikakaribia 1000 mapema, ongeza `Hash` kadiri kompyuta yako inavyoweza kubeba bila kuzinyima programu nyingine.