Wigi Halisi na la Bandia

Nywele za binadamu ni protini iitwayo keratini, na nywele nyingi za bandia ni plastiki. Moto huzitofautisha upesi. Nyuzi tatu nne huchomolewa sehemu mbalimbali za wigi, zikashikwa kwa kibanio juu ya sahani na kuwashwa mbali na wigi lenyewe. Nywele halisi hunuka kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa, na kinachobaki ni majivu yanayosagika vidoleni. Za plastiki huyeyuka, hujikunja na zikipoa huacha kishanga kigumu. Uzi mmoja hautoshi, kwa sababu wauzaji wengine huchanganya halisi na bandia, na lebo isiseme kitu.

Ujazo ni jambo jingine. Wigi la asilimia 130 hukaribia kichwa cha kawaida. La 180 huwa zito na lenye joto, ingawa kila kiwanda kina hesabu yake. Fungu la gramu 100 la inchi 24 lina nyuzi chache kuliko la inchi 12 lenye uzito huohuo, ndiyo maana wivingi ndefu hudai mafungu zaidi. Anayependa pasi ya nywele achague halisi: plastiki ya kawaida haistahimili joto hilo.