Tramadoli na tansyo inayokataa kupanda

Mingi wetu tunajua kama mtu akikunywa deksametazoni au prednisoni wakati mrefu, tezi zake za adrenali (zile mbili zinazokaa juu ya figo) zinaacha kazi. Lakini leo niko nataka kusema juu ya dawa ambazo si steroidi hata kidogo, na zinafanya vilevile. Nitakaa zaidi kwa ile inayoweza kutugusa huku Mutwanga: tramadoli na wenzake wa familia ya opioidi, kama kodeini na morfini.

Kwanza, kazi inavyopita. Ubongo unatuma amri kwa ipofizi, tezi ndogo iliyo chini yake. Ipofizi inatoa homoni ya ACTH katika damu, na ACTH ndiyo inaambia adrenali: tengeneza kortizoli. Kortizoli inashikilia tansyo na sukari ya damu, zaidi sana siku mwili unapopambana na homa, jeraha ao kupasuliwa.

Dawa zinaweza kukata njia hiyo kwa juu ao kwa chini. Etomidati, dawa ya kulaza mgonjwa mbele ya kupasua, inakata kwa chini: inafunga enzimi ya mwisho ya kutengeneza kortizoli. Shindano moja linatosha kuzuia kazi hiyo kwa saa nyingi, hata siku nzima. Mwaka 1983 madaktari wa Glasgow, Skotlandi, walionyesha kama wagonjwa mahututi waliolazwa kwa etomidati siku mfululizo walikufa mingi kupita wengine, na tangu hapo haipewi tena namna hiyo. Ketokonazoli ya kumeza, dawa ya kuvu, nayo inafunga enzimi mulemule ndani ya adrenali. Mwaka 2013 Ulaya ilisimamisha komprime zake kwa magonjwa ya kuvu, zaidi juu ya kuharibu maini.

Opioidi zenyewe zinakata kwa juu. Zinanyamazisha amri ya ubongo, ACTH inashuka, adrenali inakaa bila kuambiwa kitu. Mwaka 2016 shirika la dawa la Amerika, FDA, lilitoa onyo juu ya opioidi zote, tramadoli ikiwa ndani. Kesi nyingi zinaonekana kisha mwezi mmoja na zaidi wa kutumia.

Tuseme kijana anayebeba mifuko ya kakao. Mgongo unamuuma, anauza tramadoli ya miligramu 50 kwa farmasi. Alianza na mbili kwa siku. Kisha miezi mitatu yuko kwa nane, ni kusema miligramu 400, mwisho wa kipimo kinachoruhusiwa. Anasikia uchovu, hana hamu ya chakula, akisimama kizunguzungu. Kila mtu anasema ni palu. Siku moja palu inakuja kweli. Anafika kwa hopitali na tansyo 80 kwa 50, sukari iko chini. Anapewa artesunati, glukozi, lita mbili za serumu, na tansyo inakataa kupanda.

Hapo watu wanaweza kusema: ni kukosa tramadoli yake tu. Lakini mtu aliyekosa opioidi anatoka jasho, anatapika, mboni za macho zinapanuka, na kwa kawaida tansyo na mapigo ya moyo vinapanda. Huyu tansyo yake imeshuka. Na usingojee ngozi kuwa nyeusi ao potasyamu kupanda kama vitabu vinavyosema. Ile ni alama ya adrenali iliyoharibika yenyewe. Hapa adrenali ni nzima, inaendelea kutoa aldosteroni, homoni inayolinda chumvi. Ndiyo maana ugonjwa huu unajificha.

Dawa yake ni hidrokortizoni: miligramu 100 kwa mshipa, kisha 200 zikigawanywa kwa saa 24. Kama inawezekana, damu ya kupima kortizoli inatolewa mbele ya shindano. Lakini kipimo hicho hakiko katika santre nyingi za afya, na mgonjwa hawezi kungojea jibu. Tansyo ikipanda kisha saa chache, inaongeza shaka kwa upande wa kortizoli, lakini si hakikisho. Palu kali ao bakteria katika damu vinaweza kushusha tansyo vilevile, basi matibabu yao hayasimamishwi.

Habari nzuri ni kwamba njia iliyokatwa kwa juu kwa kawaida inarudia. Tramadoli inapunguzwa pole pole, haikatwi siku moja, na wakati huo mgonjwa anakunywa hidrokortizoni kidogo mpaka ubongo uanze tena kutuma amri.

Basi, kwa wale mnaofanya staji kwa hopitali: mgonjwa ambaye tansyo inakataa kupanda, ongezeni ulizo moja kwake ao kwa jamaa yake. "Anakunywa dawa gani ya maumivu, na tangu lini?" Ulizeni bila kumhukumu, la sivyo atawaficha.