Je, Wajua? Ditaminanti 1 Haimaanishi Matriksi Ni Salama

Chukua matriksi ya mistari 30 na safu 30. Katika mshazari weka 1, juu yake weka -1 kila mahali, chini yake weka sifuri. Ditaminanti yake ni 1 kamili. Ukiipunguza mstari kwa mstari kama tulivyofundishwa, hakuna egemeo linalokaribia sifuri, na utaandika kwamba ranki ni 30.

Sasa badilisha namba moja tu: sifuri ya kona ya chini kushoto iwe -1/268,435,456, yaani kiasi cha 0.0000000037 chini ya sifuri. Matriksi inakufa hapo hapo na ranki inakuwa 29. Inaniudhi kwamba wanafunzi wetu wanamaliza chuo wakiiamini ditaminanti bila kuonyeshwa mfano huu.

Unaoiona hatari hii ni mchanganuo wa thamani singula. Unaivunja matriksi kuwa jumla ya vipande vya ranki 1, kila kimoja na uzito wake, kuanzia mzito hadi mwepesi. Kwa matriksi yetu ya awali, kabla ya kugusa kona, uzito 29 wa kwanza hauko chini ya takriban 1.5, kisha wa 30 unaporomoka hadi kama 0.0000000028. Pengo hilo ndilo linalosema kwamba kwa hesabu za vitendo ranki ni 29.

Ukikitupa kipande hicho chepesi, kosa unalobaki nalo ni uzito wake wenyewe. Linganisha na ujanja wetu wa kona: uligharimu 0.0000000037, kutupa kipande kumegharimu 0.0000000028, kwa sababu mabadiliko yamegawanywa katika namba zote badala ya kurundikwa kwenye moja. Wala hakuna matriksi ya ranki 29 iliyo karibu zaidi ya ile inayobaki. Carl Eckart na Gale Young walionyesha jambo hili mwaka 1936, katika jarida la saikolojia ya vipimo: ukibakiza vipande k vizito, hakuna matriksi nyingine ya ranki k itakayokuwa karibu zaidi.

Kompyuta lakini haijui vipimo vyako vina usahihi gani. Katika NumPy, A ikiwa matriksi ile ya awali:

```
from numpy.linalg import matrix_rank
matrix_rank(A)            # 30
matrix_rank(A, tol=1e-6)  # 29
```

Jibu la kwanza linahofia makosa ya mashine tu. La pili linafaa data iliyopimwa hadi desimali ya sita. Na pale uzito unapopungua polepole bila pengo, ranki ni uamuzi wako, si ugunduzi. Data yenye nafasi tupu nayo haihusiki na ahadi ya 1936.

Njia hii hubana picha, huondoa kelele kwenye vipimo, hutafuta nyaraka, hutuliza milinganyo inayoyumba. Tafadhali, unapotaja ranki ya data yako, andika pembeni na kiwango ulichokatia.