Ramani Ndani ya Foleni Moja

Ramani ina pande mbili, lakini diski ya kompyuta ni foleni moja ndefu: kila kitu kiko mbele au nyuma ya kingine. Ukihifadhi gridi ya ramani mstari kwa mstari, majirani wa kushoto na kulia watafuatana, ila wa juu na chini watatenganishwa na mstari mzima. Gridi ikiwa na upana wa visanduku 10,000, kushuka hatua moja tu kwenye ramani ni kuruka nafasi 10,000 kwenye faili.

Mwaka 1966, wakati Kanada ikitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi ramani za ardhi yake, G. M. Morton wa kampuni ya IBM aliandika ripoti yenye dawa ya tatizo hili. Dawa yenyewe inatosha kwenye karatasi ya daftari.

Chora gridi ya visanduku 8 kwa 8. Hesabu x kwenda kulia na y kwenda chini, zote kuanzia 0 hadi 7. Tuchukue kisanduku chenye x = 5 na y = 3. Kwa biti, yaani sifuri na moja za kompyuta, 5 huandikwa 101 na 3 huandikwa 011. Sasa zisuke: biti ya kwanza ya y, ya kwanza ya x, ya pili ya y, ya pili ya x, hadi ziishe. Unapata 011011, ambayo kwa hesabu ya kawaida ni 27. Huo ndio ufunguo wa kisanduku hicho.

Fanya vivyo hivyo kwa jirani zake watatu. (4,2) inapata 24, (5,2) inapata 25, na (4,3) inapata 26. Ukipanga funguo kuanzia ndogo hadi kubwa, visanduku hivyo vinne vinakaa bega kwa bega, na ukivipitia kwa zamu kalamu yako inachora herufi Z. Sababu ni kwamba biti mbili za mwanzo za ufunguo hutaja robo ya gridi, mbili zinazofuata hutaja robo ya robo hiyo, na kuendelea. Kwa hiyo kila robo hukusanyika pamoja kabla ya robo nyingine kuanza. Na kwa kuwa kompyuta haisomi kitu kimoja kimoja bali huvuta kipande kizima cha data kwa mkupuo, ukiomba kisanduku kimoja mara nyingi majirani zake huja nacho.

Mara nyingi, si kila mara. Shuka hatua moja kutoka (5,3) hadi (5,4), na ufunguo unaruka kutoka 27 hadi 49, maana umevuka mpaka wa robo. Hapo ndipo wengi hunaswa. Tuseme unataka visanduku vinne vya katikati kabisa: (3,3), (4,3), (3,4) na (4,4). Funguo zake ni 15, 26, 37 na 48. Ukiiambia hifadhidata isome kila kitu kuanzia 15 hadi 48, itasoma visanduku 34 ili ikupe 4. Jibu litakuwa sahihi ukichuja, lakini kazi iliyopotea ni kubwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: linganisha idadi ya rekodi zilizosomwa na zile zilizobaki baada ya kuchuja. Mwaka 1981 Tropf na Herzog walieleza tiba: ukikuta ufunguo ulio nje ya eneo lako, kokotoa ufunguo unaofuata ulio ndani, kisha rukia hapo. Katika mfano wetu, baada ya 15 unakwenda moja kwa moja 26.

Geohash, anwani za herufi na tarakimu zinazotumika kwenye programu nyingi za ramani, zimejengwa kwa ufumaji huohuo wa biti za longitudo na latitudo. Nasi Afrika Mashariki tunaishi juu ya mmojawapo wa mipaka yake mibaya zaidi, ikweta. Pale Nanyuki, aliyesimama kaskazini ya mstari anapata anwani inayoanza na s, na mwenzake aliye hatua chache kusini anapata inayoanza na k. Wanaweza kushikana mikono, lakini anwani zao hazifanani hata herufi ya kwanza.

Kwa hiyo, anayetengeneza programu ya kutafuta bodaboda au duka la dawa lililo karibu asitegemee herufi za mwanzo peke yake. Atafute kwenye kisanduku cha mteja pamoja na vinane vinavyokizunguka, kisha apime umbali halisi.