PS4 Kwenye Tivii ya Chogo

Mpwa wangu alifika nyumbani na PS4 aliyoinunua kwa mtu, kaibeba ndani ya mfuko wa nailoni, na swali lake lilikuwa moja: "Mjomba, hiyo chogo yako itaipokea?"

Chogo yenyewe ni tivii ya inchi 21, kisogo chake kinakula nusu ya meza, na picha yake bado ni nzuri. Nyuma ina matundu matatu ya waya: la njano, jeupe na jekundu. PS4, iliyotoka mwaka 2013, haina hata moja kati ya hayo. PS2 na PS3 zilikuja na waya wa rangi hizo tatu, ukichomeka unacheza. Kwenye PS4 picha hutoka kwa mlango mmoja tu, wa HDMI, na tivii za chogo zilizotengenezwa kabla HDMI haijaenea haziujui mlango huo.

Tofauti yao si umbo la pini tu. HDMI hupeleka picha kwa namba. Tivii ya chogo haisomi namba. Inataka mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka ili mwale ulio ndani ya bomba la kioo uchore picha mstari kwa mstari. Ndiyo maana ule waya unaouzwa kwa bei poa, HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, bila kijisanduku wala umeme, haufanyi lolote kwenye PS4. Hakuna kitu ndani yake cha kugeuza namba kuwa mawimbi. Nimeona watu wakinunua wa pili baada ya wa kwanza kukataa, wakidhani wameuziwa mbovu.

Kinachohitajika ni konvata: kijisanduku kinachoenea kiganjani, chenye chipu ndani na tundu la umeme ubavuni. Kabla ya kutoa pesa, soma maandishi ya juu yake. Iandikwe HDMI2AV. Kuna nyingine inayofanana nayo kama pacha iliyoandikwa AV2HDMI, nayo hufanya kazi kinyume: huchukua deki ya zamani na kuipeleka kwenye tivii bapa. Ukiichukua hiyo kwa makosa hakuna kitufe kitakachoigeuza.

Kuunga ni kazi ya dakika mbili. Waya wa HDMI unatoka PS4 kwenda upande wa konvata ulioandikwa INPUT. Pini za rangi zinatoka konvata kwenda kwenye tivii, kila rangi kwa rangi yake. Kama tivii yako ina njano na nyeupe tu, nyekundu iache ining'inie, utapata sauti ya upande mmoja. Kisha umeme. Konvata nyingi zina waya wa USB, na huo uchomeke kwenye chaji ya simu ya volti 5, ampia 1. Wengine huiacha ijitegemee kwa umeme unaopita ndani ya HDMI, lakini umeme huo ni mdogo mno. Kiwango ambacho mashine inalazimika kuutoa hapo ni miliampia 55 tu. Matokeo yake picha hukatika-katika, au haiji kabisa. Mwisho, bonyeza AV kwenye rimoti.

Sisi tulifanya yote hayo, na skrini ikabaki nyeusi. Mpwa wangu akaanza kuikunja konvata kwenye boksi ili airudishe dukani. Nikamwambia asubiri, tuijaribu kwanza. Tulichomoa chaji na kuichomeka tena huku tunaangalia kioo. Skrini ilitikisika kidogo kila chaji ilipoingia. Hiyo ilitosha kutuambia kwamba upande wa konvata hadi tivii ni mzima, na shida iko kati ya PS4 na konvata.

Shida hapo mara nyingi ni kufuli linaloitwa HDCP. PS4 hufunga picha yake kwa namba za siri ili mtu asinakili filamu, na kifaa cha upande wa pili lazima kijue kufungua. Baadhi ya konvata za bei nafuu hazijui, basi hazionyeshi kitu. Kufuli hilo linazimwa kwenye PS4 yenyewe: ingia Settings, kisha System, ondoa alama kwenye Enable HDCP. Tatizo ni kwamba ili uione menyu unahitaji skrini inayoonyesha. Tuliibeba PS4 hadi kwa jirani mwenye tivii bapa, tukaondoa alama, tukarudi nayo. Safari hii picha ilikuja. Ujue tu kwamba kufuli likiwa limezimwa, magemu yanacheza lakini programu za kuonyesha filamu zinaweza kugoma mpaka ulirudishe.

Ukiwa hapo kwa jirani, malizia na sauti. Kwenye Settings, Sound and Screen, Audio Output Settings, fomati ya sauti iwe Linear PCM. Konvata hizi hupokea sauti ya kawaida ya spika mbili. Ukipeleka Dolby au DTS utaona wachezaji wanakimbia kimya kimya.

Sasa tufike mahali ambapo wengi hukosea na hawajui kama wamekosea. Ubavuni mwa konvata kuna swichi ndogo kama punje ya mchele, upande mmoja PAL, upande wa pili NTSC. Mtu mwenye ujuzi kidogo ataiweka PAL bila kusita, kwa sababu PAL ndiyo iliyotumiwa na vituo vyetu vya tivii Afrika Mashariki tangu enzi za antena. Nami nilifanya hivyo. Picha ilitulia, rangi zikawa sawa. Lakini mpwa wangu alipopiga pasi ndefu na kamera ikaufuata mpira kutoka wingi moja hadi nyingine, mistari ya uwanja ilisonga kwa kuruka-ruka, kama gari linalopita kwenye matuta madogo. Yeye alidhani PS4 imechoka.

PS4 ilikuwa haijachoka. Mashine hii hutoa picha 60 kila sekunde. PAL huchora mara 50 kwa sekunde. Konvata ya bei ya kawaida haina akili ya kuchanganya picha hizo kwa ustadi. Inachofanya ni kutupa moja katika kila sita, yaani picha 10 zinapotea kila sekunde. Kitu kikiwa kimesimama huoni. Kikianza kutembea kwa mwendo sawa, jicho linaona pengo.

Sukuma swichi iende NTSC. NTSC huchora mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna cha kutupwa. Tivii nyingi za chogo za miaka ya mwisho, hata zilizouzwa kwetu, hupokea mifumo yote miwili kupitia AV, ingawa kwenye antena zinajua PAL peke yake. Yetu ilipepesa mara moja, ikatulia, na ule mruko ukaisha pale pale. Kama yako ni ya PAL tu, utajua bila kuuliza: picha itakuja bila rangi, au itapanda juu mfululizo kama karatasi inayoviringishwa. Haiharibu kitu. Kabla hujakata tamaa, tafuta kwenye menyu ya tivii sehemu ya mfumo wa rangi uiweke AUTO au NTSC 3.58. Ikikataa bado, rudi PAL uvumilie mruko.

Jambo la pili tuliloliona ni mpira wenyewe. Ulikuwa yai. Picha ya PS4 ni pana, upana 16 kwa urefu 9, na kioo cha chogo ni 4 kwa 3. Konvata huibana ile pana iingie kwenye kioo chote, basi kila kitu kinapungua robo ya upana wake na wachezaji wanakuwa warefu kama milingoti. Baadhi ya tivii zina kitufe cha 16:9 kwenye rimoti au kwenye menyu. Kikibonyezwa, mwale huchora mistari yote kwenye eneo fupi zaidi la katikati, na mpira unakuwa duara tena. Gharama yake ni ukubwa: kwenye inchi 21 picha inabaki na urefu wa sentimita 23 hivi, na weusi juu na chini. Mimi naona ni heri hivyo. Asiyekuwa na kitufe hicho atazoea yai.

Pia kingo. Tivii ya chogo huificha sehemu ndogo ya picha kila upande nyuma ya fremu, na magemu ya mpira huweka matokeo na dakika pembeni kabisa juu. Hilo PS4 inalimaliza yenyewe: Settings, Sound and Screen, Display Area Settings. Punguza mpaka mishale ya pembeni ionekane yote.

Kuna kimoja ambacho hakina swichi wala menyu, nacho ni maandishi. Picha ya PS4 ina nukta 1,920 kwa upana. Waya wa njano unabeba mwanga na rangi pamoja kwenye uzi mmoja, na kinachofika kwenye kioo kwa uwazi ni nukta mia chache tu. Herufi nene za matokeo zinasomeka. Majina ya wachezaji miguuni mwao yanakuwa ukungu, na maelezo madogo ya menyu hayasomeki hata ukisogeza kiti. Konvata ya bei kubwa zaidi haitaliondoa hili, maana kikomo ni waya wenyewe. Anayekuuzia kwa maneno kwamba sanduku lake linatoa picha ya 1080p kwenye chogo anakudanganya. Hiyo 1080p ni ya kuingia, si ya kutoka.

Na kama tivii yako ni ya zamani zaidi, haina hata tundu la njano, ina la antena tu, tafuta deki ya kanda isiyotumika. Pini za konvata ziingie nyuma ya deki pale palipoandikwa AV IN, waya wa antena utoke deki uende kwenye tivii, kisha tafuta chaneli ya deki kama ulivyokuwa ukifanya zamani. Hapo lakini swichi ibaki PAL, kwa kuwa tivii hiyo karibu hakika haijui kingine. Usimruhusu mtu afungue kisogo ili aunganishe waya ndani. Bomba la kioo hubeba umeme wa volti maelfu, na linaweza kuutunza hata baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi wa tivii aliyefundishwa.

Hivyo, kama unacheza mpira, magari au ngumi, nunua konvata na uitumie chogo yako. Kama gemu lako linakwenda kwa kusoma, maelezo marefu na ramani zenye majina madogo, weka pesa hiyo kando kwa ajili ya tivii bapa iliyotumika.